Buti, Shati na Ngumi: Vazi la Skinhedi na Waliolipigania

Waheshimiwa walimu, mafundi cherehani mliokuja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi wa ubunifu wa mavazi, hamjambo? Asanteni sana kwa kunikaribisha.

Nimeombwa niwaeleze kuhusu makundi ya vijana wa Uingereza waliojitambulisha kwa muziki na mavazi: mamodi, maroka, maskinhedi, mapanki na wengineo. Makundi hayo ni mengi na muda wetu ni mfupi, kwa hiyo leo nitafuata vazi la skinhedi tangu lilipotoka hadi lilipofikia. Nimelichagua kwa sababu vipande vyake mnavishika kila mnapofungua robota la mitumba: shati la Fred Perry lenye shada la majani kifuani, buti la Dr. Martens lenye mshono wa uzi wa njano, jaketi fupi lenye bitana ya miraba. Nimelichagua pia kwa sababu limewahi kuvaliwa na watu wawili waliokuwa tayari kuuana, na ukiwatazama kwa mbali wote wawili wamevaa sawasawa.

Tuanze na mamodi, maana skinhedi ni mtoto wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 palitokea London vijana waliopenda jazi ya kisasa na suti za Kiitaliano. Wengi walikuwa makarani, wanafunzi wa ufundi, watoto wa mafundi cherehani na wachuuzi. Walikuwa na mshahara, na sehemu kubwa ya mshahara iliishia kwa fundi. Mwenye kuijua kazi alimwelekeza fundi mpasuo wa koti uwe inchi ngapi, vifungo viwe vitatu, upindo wa suruali uwe na upana gani. Mwezi uliofuata vipimo vilibadilika, na aliyechelewa kubadilika alionekana mshamba. Kijana aliyenunua jinzi ya Levi's alijilaza nayo kwenye maji ya moto bafuni, ikasinyaa mwilini mwake na kukaukia hapo hapo ili imkae barabara. Kwa usafiri walipenda skuta, Vespa au Lambretta, kwa sababu injini yake imefunikwa na haimwagi oili kwenye suruali. Juu ya suti walivaa koti pana la kijani la jeshi la Marekani, lile lenye mkia nyuma, kuzuia vumbi na mvua. Watu wengi leo wanadhani koti hilo ndilo fahari ya modi. Kazi yake ilikuwa kuilinda fahari iliyokuwa chini yake.

Mamodi walikesha kwenye klabu za Soho, mojawapo ikiwa Flamingo ya mtaa wa Wardour, wakicheza muziki wa Wamarekani weusi na ska ya Jamaika. Pale Flamingo walichanganyika na wanajeshi weusi wa Kimarekani na wahamiaji wa Karibi. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Maroka walikuwa upande wa pili. Wao walipanda pikipiki kubwa za Kiingereza, Triumph, Norton na BSA, na mafundi wao hodari waliichomoa injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton, wakaiita Triton. Walikutana mikahawani kando ya barabara kuu, maarufu kuliko yote ukiwa Ace Cafe wa London, na sifa waliyoitafuta ilikuwa kufikisha mwendo wa maili 100 kwa saa. Walivaa jaketi la ngozi, jinzi nzito, buti zenye soksi nyeupe zilizokunjwa juu, na nywele walizipaka mafuta zikasimama. Muziki wao ulikuwa rokenroli ya akina Gene Vincent na Eddie Cochran. Ngozi yao ilikuwa na sababu: ukianguka kwa mwendo ule, ndiyo inayobaki kati ya mgongo wako na lami. Modi alimwona roka mchafu na wa zamani. Roka alimwona modi kijana laini anayejiangalia kwenye kioo siku nzima.

Sasa niwape kisa cha Clacton, kwa sababu ndicho kinachosimuliwa sana na ndicho kilichopotoshwa sana.

Clacton ni mji mdogo wa pwani mashariki mwa Uingereza. Wikiendi ya Pasaka ya mwaka 1964 ilikuwa ya baridi na mvua. Vijana wengi walikuwa wametoka London wakakuta hakuna cha kufanya, na baadhi ya wenye mikahawa hawakutaka kuwahudumia. Wakaanza kurushiana mawe, wakavunja vioo na vibanda vya ufukweni, wakazungukazunguka na pikipiki barabarani. Polisi wakakamata watu 97. Kesho yake magazeti yakaandika kana kwamba mji umevamiwa na jeshi. Moja ya habari zilizosambaa ni kwamba kumbi zote za dansi karibu na ufukwe zilivunjwa vioo. Clacton ilikuwa na ukumbi mmoja tu wa dansi, na vioo vilivyovunjika pale vilikuwa vichache.

Haya tunayajua kwa sababu mwanasosholojia Stanley Cohen alikwenda kwenye miji hiyo ya pwani, akahoji watu, akapitia magazeti na kesi. Aligundua kwamba wengi wa vijana waliokuwa Clacton hawakuwa na skuta wala pikipiki, na wala hawakuwa kwenye genge lolote. Ugomvi wa modi na roka ulikuwepo, lakini ulikuwa mwepesi. Magazeti yalipowagawa katika kambi mbili, likizo iliyofuata vijana walikwenda Margate na Brighton wakijua tayari wao ni kambi ipi, na kwamba adui atakuwepo, na kwamba wapiga picha watakuwepo pia. Polisi nao walijiandaa kwa vita. Mwezi Agosti mwaka huo huo, askari wa London walisafirishwa kwa ndege kwenda Hastings.

Kisa kimoja cha Margate kinanigusa kila ninapokisimulia. Kijana mmoja alitozwa faini ya pauni 75, akamwambia hakimu kwamba atalipa kwa hundi. Taifa zima likalikamata jambo hilo: tazameni, wahuni hawa wana pesa hadi za kuandikia hundi! Baadaye ikajulikana kwamba kijana hakuwa na akaunti benki, na hajawahi kusaini hundi maishani mwake. Alikuwa anajikaza mbele ya watu tu. Mtoto amejibu kwa kiburi cha aibu, na jibu lake likageuzwa ushahidi dhidi ya kizazi kizima.

Kufikia mwaka 1966 na 1967, mamodi waligawanyika. Waliokuwa na uwezo na waliosoma vyuo vya sanaa walielekea kwenye nywele ndefu, maua na mashati ya rangi kali. Waliobaki kwenye mitaa ya viwanda na bandari, London mashariki na kusini, hawakuvutiwa na mambo hayo. Walipunguza mapambo, wakafupisha nywele, wakavaa nguo ngumu za kazini. Mwaka 1969 magazeti yalikuwa yameshawabandika jina la maskinhedi.

Hapa wanaingia Wajamaika. Meli ya Windrush, iliyowabeba wahamiaji wa Karibi, ilikuwa imetia nanga bandari ya Tilbury, karibu na London, mwaka 1948, na katika miaka 20 iliyofuata maelfu ya familia za Karibi zilihamia katika mitaa ile ile ya wafanyakazi maskini. Watoto wao walisoma shule moja na watoto wa Kizungu, wakafanya kazi kwenye karakana moja. Walikuja na mtindo wa vijana wa mitaa ya Kingston walioitwa rudiboi: suruali fupi inayoonyesha kifundo cha mguu, kikofia kidogo chenye ukingo mwembamba, koti jembamba, nywele zilizokatwa chini kabisa, na mwendo wa kujiamini. Vijana wa Kizungu waliwaona kwenye kumbi za dansi wakatamani kuvaa na kucheza vile. Wimbo wa Mjamaika Desmond Dekker uliposhika namba moja Uingereza mwezi Aprili 1969, walioununua kwa wingi walikuwemo maskinhedi. Kampuni ya sahani za muziki ya Trojan, iliyoanzishwa London mwaka 1968, iliwauzia rege sahani baada ya sahani. Nasisitiza hapa kwa sababu nimechoka kusikia kwamba skinhedi alizaliwa mbaguzi. Nywele zake, urefu wa suruali yake na muziki wake vilitoka kwa watu weusi, naye alijua hivyo.

Sasa tulitazame vazi lenyewe kama tunavyolitazama mezani kabla ya kulifumua.

Buti kwanza. Soli ya Dr. Martens ilibuniwa na Klaus Maertens, daktari wa jeshi la Ujerumani aliyeumia kifundo cha mguu mwaka 1945 akataka kiatu laini chenye mto wa hewa. Kiwanda cha Griggs, kijijini Wollaston, kilinunua haki ya kuitengeneza Uingereza, na jozi ya kwanza ilitoka tarehe 1 Aprili 1960. Ndiyo maana modeli yake inaitwa 1460. Ina matundu manane ya kamba na soli isiyoharibiwa na oili. Ilivaliwa na wapeleka barua, polisi na watu wa viwandani, kwa bei ya mfanyakazi. Skinhedi aliing'arisha kwa rangi hadi unajiona usoni. Siku ya mechi aliitumia kwa mateke, na ikafika mahali polisi walinyang'anya mashabiki kamba za viatu mlangoni mwa uwanja, maana buti lisilo na kamba halipigi wala halikimbii.

Suruali ilikuwa jinzi iliyokatwa au kukunjwa juu ili buti lote lionekane, ikishikiliwa na mikanda myembamba ya mabegani. Jioni ya dansi alibadilisha akavaa suti ya kitambaa cha mohea kinachobadilika rangi kadiri unavyosogea kwenye taa, bluu hivi, mara kahawia. Hiyo ni fahari ya modi iliyorithiwa. Shati lilikuwa Ben Sherman, la miraba au la mistari: ncha za kola zina vifungo, nyuma ya kola kuna kifungo cha tatu, mgongoni kuna mkunjo na kitanzi kidogo cha kuning'inizia. Mwenye chapa hiyo alizaliwa Brighton katika familia ya Kiyahudi, na jina lake la ukoo lilikuwa Sugarman. Yashikeni hayo, kwa sababu miaka kumi baadaye shati lake lilivaliwa na watu waliopiga saluti ya Hitla.

Nywele zilikatwa kwa mashine iliyofungwa kitana, namba mbili au tatu. Hazikunyolewa kwa wembe. Wasichana walikata juu fupi, wakaacha mashungi mbele ya masikio na kisogoni.

Mapenzi kwa muziki wa Mjamaika hayakuwazuia wengi wao kumchukia Mwasia, na hapa nazungumza kwa uchungu kwa sababu linatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walikuwa wakihama kwa wingi, na bunge la London likapitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia. Mwezi Aprili mwaka huo mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji kule Birmingham. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na zaidi ya 27,000 wakapokelewa Uingereza. Katika mitaa kama Southall, magharibi mwa London, kulikuwa na familia zilizozaliwa Nairobi na Kampala, zilizojua Kiswahili, zilizokwishahamishwa mara moja. Tangu mwaka 1969 na 1970 makundi ya maskinhedi yalikuwa yakiwavizia Waasia wakitoka kazini usiku na kuwapiga, na baadhi waliuawa. Kijana aliyecheza rege Jumamosi jioni aliweza kumpiga teke Mpakistani usiku huo huo. Mtu mmoja aliyabeba yote mawili.

Kufikia 1972 mtindo ulikuwa umefifia. Ukarudi mwaka 1977 pamoja na muziki wa panki, na safari hii ulikuta nchi nyingine. Viwanda vilifungwa, na mwanzoni mwa 1982 wasio na kazi walizidi milioni 3. Chama cha kibaguzi cha National Front kiliwafuata vijana mahali walipokuwa, kikawauzia gazeti lake nje ya viwanja vya mpira na kuwashawishi kwenye maonyesho ya muziki. Vazi nalo likabadilika, na mabadiliko haya fundi anaweza kuyaona. Buti likapanda hadi matundu 14 au 20. Koti la suti likaachwa, likaja jaketi la marubani la nailoni, kijani au jeusi. Jinzi ikamwagiwa jiki ikatoka madoa meupe. Kichwa kikanyolewa kabisa. Katika nguo za mwaka 1969 mnaona dansi na kazi, na katika hizi mnaona jeshi.

Waliokataa hawakukaa kimya. Mwaka 1979, huko Coventry, mji wa viwanda vya magari, Jerry Dammers alianzisha kampuni ya sahani ya 2 Tone. Bendi yake, The Specials, ilikuwa na weusi na weupe, ikapiga ska ya Jamaika kwa kasi ya panki. Nembo ilikuwa mtu mwenye suti nyeusi, shati jeupe, tai nyembamba na kikofia cha rudiboi, iliyochorwa kutokana na picha ya Peter Tosh alipokuwa kijana, na pembeni yake miraba ya weusi na weupe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora kabisa ya ubunifu wa mavazi katika historia hii yote. Dammers hakutunga vazi jipya. Alirudisha la kwanza, akaliweka mbele ya vijana ambao walikuwa wameambiwa ni la watu weupe peke yao. Hata hivyo wafuasi wa National Front walikuja kwenye maonyesho yake, wamevaa vilevile, wakapiga saluti za Kinazi ukumbini, na mara kwa mara bendi ilisimamisha muziki hadi vurugu zikome.

Tarehe 3 Julai 1981 mambo yaliwaka Southall. Bendi tatu za muziki ulioitwa Oi, panki la maskinhedi, zilipangiwa kupiga kwenye baa ya Hambrough Tavern, katikati ya mtaa wa Waasia ambapo miaka miwili nyuma mwalimu Blair Peach aliuawa katika maandamano ya kuipinga National Front. Mashabiki waliletwa kwa mabasi, wengi kutoka London mashariki. Maduka ya Waasia yalivunjwa vioo, wenyeji wakashambuliwa. Vijana wa Southall wakatoka majumbani, wakaizingira baa, wakairushia mabomu ya petroli hadi ikateketea. Wanamuziki walisema wao si wabaguzi, na huenda baadhi yao walisema kweli. Lakini muuza duka aliyekuwa amesimama nyuma ya kioo chake hakuwa na njia ya kumtofautisha mwenye buti huyu na yule.

Ndilo swali ninaloulizwa sana: mtu atawatofautishaje? Mtasikia kwamba kamba nyeupe za buti ni za mbaguzi na nyekundu ni za mwingine. Msizitegemee. Maana ya rangi hizo ilibadilika kutoka mji hadi mji, na wengi walivaa nyeupe kwa sababu zinapendeza. Mwaka 1987 maskinhedi wa New York waliopinga ubaguzi walianzisha umoja wa SHARP, ukavuka hadi Ulaya na kuchukua kofia ya vita ya kampuni ya Trojan kuwa nembo yake. Walilazimika kuishona beji hiyo kwenye jaketi kwa sababu jaketi lenyewe halikuweza tena kusema wao ni nani.

Wenye chapa nao waliingizwa vitani bila kutaka. Wanazi mamboleo wa Ujerumani na Uholanzi walipenda fulana za Lonsdale, chapa ya ndondi, kwa sababu ukifunga jaketi nusu juu ya fulana zinabaki herufi NSDA, karibu sawa na kifupi cha chama cha Hitla. Lonsdale ilijibu kwa kukata mauzo kwa maduka ya wabaguzi na kudhamini kampeni za kupinga ubaguzi. Mwaka 2020 Fred Perry nao walitangaza kuacha kuuza Marekani na Kanada shati lao jeusi lenye mistari miwili ya njano kwenye kola, kwa sababu kundi la mrengo mkali wa kulia, Proud Boys, lilikuwa limeligeuza sare. Shati hilo bado linaingia kwenye marobota yetu. Mkilikuta, tazameni kola na mkono wake, mistari imefumwa kwa ustadi mkubwa, na mjue ni shati gani.

Sasa nakaribisha maswali.